Pointi ya kuagiza mzigo upya: msikariri fomula tu jamani

Matokeo ya mtihani wa lojistiki na ugavi yametoka na nimepita, tena swali la stoki ndo limenibeba. Sasa kuna dada kaniandikia inbox, yeye kafeli, anasema fomula anazijua zote kichwani ila majibu yanakataa, na nilipoona hesabu zake nikakumbuka mwalimu wetu mmoja aliyekuwa anatwambia "andikeni tu, msiulize imetoka wapi". Ile kauli mpaka leo inaniuma, maana mi nilikuwa nauliza naonekana mjuaji.

Fomula zenyewe hizi:

```
SS = z × σd × √L
ROP = (d × L) + SS
```

SS ni stoki ya tahadhari, ROP ni kiwango ambacho stoki ikifika hapo unatoa oda. Chukua bidhaa inayotoka stoo katoni 40 kwa siku (d), mkengeuko sanifu katoni 10 (σd), mzigo unachukua siku 9 kufika (L), na wanataka uhakika wa asilimia 95 kwamba stoki haitaisha kabla mzigo haujafika, kwa hiyo z, namba ya jedwali inayoendana na uhakika huo, ni 1.65. Stoki ya tahadhari ni 1.65 × 10 × 3 = 49.5, weka 50. ROP ni 360 + 50 = 410.

Yule dada alizidisha kwa 9 badala ya 3, akapata 149. Ukiuliza kwa nini kipeuo, jibu ni kwamba siku moja mauzo yanapanda nyingine yanashuka, zinafidiana, kwa hiyo kinachojumlishwa ni mraba wa mkengeuko: 100 mara siku 9 ni 900, kipeuo chake 30. Ukishaelewa hapo hukosei tena, na ukipewa mkengeuko wa wiki huku mzigo unahesabiwa kwa siku utashtuka mwenyewe na kubadilisha kwanza.

Halafu watunzi wanapenda kuongeza kasentensi kadogo, "muda wa saplaya una mkengeuko wa siku 2", yaani σL ni 2. Watu wanakaruka! Hapo fomula inabadilika:

```
SS = z × √(L × σd² + d² × σL²)
```

Ndani unapata 900 + (1600 × 4) = 7300, kipeuo chake kama 85.4, mara 1.65 ni 141. ROP inaruka mpaka 501. Angalia 6400 ya saplaya ilivyoimeza 900 ya wateja, ndo maana swali linalofuata huwa "meneja afanye nini", na jibu ni kumbana saplaya afike kwa wakati kabla ya kuhangaika na utabiri wa mauzo.

Na ile 95 msiandike kwamba asilimia 95 ya wateja watapata mzigo. Maana yake ni kwamba kila ukisubiri oda, uwezekano wa stoki kutokuisha kabla haijafika ni asilimia 95. Dada yangu, hapo pia walikukata maksi.