Safari ya Kondoa: watu wanashika nafasi, hawalipi

*"Nauza safari ya siku moja, Dodoma hadi michoro ya mapangoni Kolo. Watu 20 wanasema 'niwekee', siku ikifika wanakuja 12. Nifanyeje?"*

Ndugu, hapo tarehe ya mwisho ya malipo ndiyo inayokuumiza. Ipange kwa kufuata siku unayomlipa mwenye gari. Tuseme Kosta ni 700,000: watu 20 ni 35,000 kila mmoja, watu 12 ni zaidi ya 58,000. Kama mwenye gari anataka hela Alhamisi, funga malipo Jumatano jioni, na uandike wazi: "Nafasi ni ya aliyelipa. Wasipofika 18, tunarudisha hela yote Alhamisi." Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayowapa watu moyo wa kulipa mapema.

Vituo viwili vinatosha: Nyerere Square saa 12:00 asubuhi, kisha Msalato, maana ndiko njia iendako. Kumfuata mtu Nanenane ni kurudi nyuma.

Kwenye "kilichomo" taja kiingilio na mwongozaji, na bei ya mgeni wa nje iweke kando. Taja pia kupanda mlima kwa miguu. Wazee huwa hawaambiwi. Mvua ikinyesha, barabara ya kutoka Kolo kwenda mapangoni haifai Kosta, ulizia kwanza.

Leseni ya utalii kama huna, anzia ofisi ya Wizara ya Maliasili na Utalii.