Nyota tano za shemeji na punguzo la chumba

*Assalaam alaykum, sheikh. Nina gesti ndogo Bagamoyo, na wageni hunitafuta kupitia Google Maps. Shemeji zangu na marafiki, jumla watu wanane, wamenipa nyota tano kila mmoja, ingawa hawajawahi kulala kwangu. Sasa mwanangu anataka tumpunguzie asilimia 10 kila mgeni atakayetupa nyota tano. Inafaa?*

Wa alaykumus salaam, ndugu yangu.

Hao wanane ndio wa kuanza nao. Nyota ni ushahidi: anayeitoa anamwambia msafiri asiyemjua kwamba nimelala hapa, nikaona hivi. Asiyelala ametoa ushahidi wa uongo, hata kama gesti yako ni nzuri kweli.

Tuchukue mfano. Wageni wa kweli 12 wamekupa wastani wa nyota 4, nazo jumla ni 48. Ongeza 40 za hao wanane, zinakuwa 88 kwa watu 20, na wastani unapanda hadi 4.4. Yule aliyelalamika kwamba maji hukatika usiku amefunikwa. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vyake vilikuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Nyota za hao wanane ndizo nafaka kavu ya juu.

Kumwomba jamaa aliyelala kwako kweli aseme alichokiona si haramu. Lakini fiqhi yetu ya Kishafii haipokei ushahidi wa mzazi kwa mwanawe wala wa mwana kwa mzazi, kwa sababu ya tuhuma ya upendeleo. Ndugu na rafiki hupokelewa. Kwa hiyo mwanao asiandike kabisa, na shemeji aliyelala aandike wazi kwamba ni shemeji.

Punguzo la mwanao ni kununua ushahidi. Mgeni aliyeona kunguni atanyamaza kwa ajili ya asilimia zake 10, na anayekuja baada yake ndiye atakayeumwa. Wengine husema, basi tupunguze kwa maoni yoyote, mazuri au mabaya. Hilo lina ubaya mdogo zaidi, lakini Google nayo inakataza kutoa pesa, punguzo au kitu cha bure ili mtu aandike maoni, hata kama hukutaja nyota. Uliyakubali masharti hayo ulipoweka gesti yako pale, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Wala usichague waliofurahi tu ndio uwaombe. Huko ni kuficha unyevu kwa mlango wa nyuma.

Ukitaka kupunguza bei, punguza kwa kila mgeni wakati wa kulipa, bila kutaja maoni. Anapoondoka, kila mmoja mwombe kwa maneno yaleyale: "Tafadhali andika ulivyotuona."

Nyota za wale wanane huwezi kuzifuta wewe. Kila aliyeandika afute yake kwa akaunti yake, nawe wapigie leo. Kisha, kama kwako kweli maji hukatika usiku, mtafute fundi wa tangi.