Alamu ya polepole au saa ya kengele: mwanafunzi anayepitiwa na usingizi achague ipi?

Muhula wangu wa kwanza chuoni nilipitiwa na usingizi mara nne ndani ya wiki tano. Mara ya nne nilikosa jaribio la saa 1 asubuhi. Alamu nilikuwa nimeitega, na simu ilikuwa chini ya mto. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda na alamu imezimwa. Wenzangu chumbani waliisikia ikilia na wakaniona nikiizima. Mimi sikukumbuka lolote.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza anunue nini, mimi huanza kwa kumuuliza: huwa husikii kabisa, au unasikia, unazima, unalala tena? Kama hana uhakika, siku akichelewa aiangalie simu kabla ya kuigusa. Kwenye Clock ya Google, alamu iliyolia hadi ikanyamaza yenyewe huacha ujumbe wa “Missed alarm”. Ujumbe usipokuwepo, na alamu ilitegwa sawasawa, basi mkono wake ndio ulioizima.

Alamu ya polepole huanza kwa sauti ya chini na kupanda kidogo kidogo. Kwenye programu hiyo ingia Settings, kisha “Gradually increase volume”, uchague sekunde. Ni njia njema ya kuamka, ila inamfaa aliyelala vya kutosha. Usingizi mzito kabisa huja zaidi nusu ya kwanza ya usiku, na kuelekea alfajiri usingizi huwa mwepesi. Aliyelala saa 4 usiku, ifikapo saa 11 alfajiri sauti ndogo inatosha kumwamsha. Mimi nilikuwa nikilala saa 8 usiku. Saa 11 nilikuwa na saa tatu tu za kulala, na mwili wenye deni la usingizi hung'ang'ania ule mzito. Sauti ya chini haikunifikia, na ilipopanda, kidole kilijua pa kubonyeza.

Nikaenda Kariakoo nikanunua saa ya mezani yenye kengele mbili juu na nyundo katikati, inayotumia betri moja ndogo. Usiku wa kwanza niliiweka kwenye stuli kando ya kitanda, nikaizima vilevile kama simu. Usiku wa pili niliiweka juu ya kabati karibu na mlango. Hapo ilinibidi nichomoe chandarua chini ya godoro, nishuke, nitembee hatua tano. Nilipofika nilikuwa nimesimama na macho yako wazi. Kelele peke yake haikunisaidia mpaka nilipoiweka mbali.

Saa hizi zina kasoro zake. Uso wake ni wa saa 12, kwa hiyo ukiiwasha mchana, italia saa 11 jioni. Iwashe unapokwenda kulala. Mshale wa alamu nao hauna usahihi wa dakika, kwa hiyo itege ilie dakika kumi kabla. Kubwa zaidi ni kuamka kwa kushtuka: moyo unadunda, kichwa kizito, na uzito huo unaweza kukaa hata nusu saa. Halafu wapo wenzako chumbani. Tulikuwa wanne, na mmoja hakuwa na kipindi cha asubuhi. Nilimwomba radhi na kumweleza mapema, maana si haki kumwamsha mtu kila siku kwa uchovu wako.

Kilichonifaa ni vyote viwili. Simu ya polepole ililia saa 11:00 karibu na kichwa, na saa ya kengele ilitegwa 11:15 juu ya kabati. Wakati huohuo nikawa nasogeza muda wa kulala nyuma kwa nusu saa kila baada ya siku tatu, kutoka saa 8 hadi saa 5 usiku, na kila asubuhi naandika kwenye daftari ni ipi iliyoniamsha. Siku za mwanzo ilikuwa kengele tupu. Wiki ya tatu simu ilianza kushinda, na nikawa naiwahi saa ya kabatini kabla haijalia. Kwa hiyo ukitaka kuchagua moja: unayepata usingizi wa chini ya saa sita kwa usiku, nunua saa ya kengele na uiweke mbali, unayepata usingizi wa saa saba au nane, simu inatosha, mradi uiondoe chini ya mto.

Lakini kama unapata usingizi wa saa nane kamili, unakoroma sana, na bado huamki wala kwa kengele, usihangaike na saa nyingine. Nenda hospitali ukaeleze hivyohivyo. Na ukiwa umemeza dawa ya mafua inayolevya, usiku huo mwombe mwenzako akugongee.

Saa yangu ningali nayo. Huitega usiku wa kuamkia mtihani au safari ya basi la alfajiri, na pahali pake bado ni juu ya kabati.