Kabla hujaning'iniza chupa ya pili ya dripu, uliza moyo uko wapi kwenye mkunjo wake

Mwanafunzi mmoja wa utabibu ameniandikia swali ambalo hata wakubwa wa wodi hulikwepa: kwa nini wagonjwa wawili wenye presha ya chini wapewe dripu ileile, mmoja ainuke na kuomba uji, mwingine aanze kuhema na kutoa povu? Nimefurahi ameuliza, maana jibu lake limo kwenye fiziolojia ya mwaka wa kwanza, ile tunayoikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha mlangoni mwa wodi.

Tuanze na hesabu. Damu inayosukumwa na moyo kwa dakika ni mapigo ya dakika hiyo mara ujazo wa pigo moja. Mtu mzima aliyetulia ana mapigo kama 70, na kila pigo hutoa mililita 70 hivi, kwa hiyo ni karibu lita 5. Ujazo wa pigo nao ni tofauti ya namba mbili: damu iliyomo ndani ya ventrikali, chumba cha moyo kinachosukuma, inapomaliza kujaa, tuseme mililita 120, toa ile inayobaki baada ya kusukuma, tuseme 50. Ukitaka kuongeza pigo una njia mbili tu: jaza zaidi, au bakiza kidogo. Kujaza kunategemea damu inayorudi kupitia vena na muda wa kujaa. Kubakiza kidogo kunategemea nguvu ya msuli na presha ya ateri inayoupinga.

Sasa ajabu yenyewe: ukijaza zaidi, moyo husukuma zaidi bila kuamriwa na ubongo. Chora kujaa kwa moyo dhidi ya ujazo wa pigo, utapata mstari unaopanda kwa kasi kisha unalala: huo ndio mkunjo wa moyo. Otto Frank aliuona mwenendo huu kwenye mioyo ya vyura mwaka 1895, na Ernest Starling na wenzake wa London wakauonyesha kwa mbwa mwaka 1914. Wengi hufundisha kwamba moyo ni kama mpira wa manati: uvute, utarudi kwa nguvu. Mfano huo unapotosha. Mpira hurudisha nguvu uliyoivuta nayo. Msuli hutengeneza nguvu yake mwenyewe, na kinachobadilika ni jinsi unavyoitikia kalsiamu.

Ndani ya seli ya moyo kuna vipande vidogo vinavyoitwa sakomea, vyenye nyuzi nyembamba za aktini na nene za mayosini. Nguvu huwa kubwa zaidi sakomea ikiwa na urefu wa takriban mikromita 2.2. Msuli wa mkono ukitulia huwa tayari karibu na urefu huo. Wa moyo hufanya kazi kwenye urefu mfupi zaidi, kati ya 1.8 na 2.0 hivi, kwa hiyo una akiba ya kupanda. Damu ikiongezeka na kuunyoosha, nyuzi hupangana vizuri zaidi, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Kubwa ni kwamba sakomea iliyonyooshwa huwa na hisia kali zaidi kwa kalsiamu: kiasi kilekile huamsha vishikizo vingi zaidi vya mayosini. Ndiyo maana nguvu hupanda kwa kasi kuliko ambavyo mpangilio wa nyuzi peke yake ungeeleza.

Na moyo hauvutiki bila kikomo. Protini ya titini na nyuzi za kolajeni huukaza, hivyo presha ya ndani hupanda sana kabla sakomea haijapita urefu wake mzuri. Kwa hiyo anayekuambia moyo ulioshindwa "umenyooka kupita kiasi na kuteremka upande wa pili wa mlima" anakupa picha ya msuli wa chura uliofungwa maabara. Moyo mgonjwa kwa kawaida hauteremki. Mkunjo wake umelala: unaujaza, haukupi kitu, presha tu inapanda.

Kazi ya kila siku ya sheria hii ya Frank na Starling ni kulinganisha pande mbili za moyo. Fikiria upande wa kulia ukisukuma mililita 1 tu zaidi ya wa kushoto kwa kila pigo. Kwa mapigo 70 kwa dakika, baada ya dakika 10 mililita 700 zingekuwa zimerundikana kwenye mapafu. Hazirundikani kwa sababu kinachozidi kulia hufika kushoto, huinyoosha ventrikali ya kushoto, nayo husukuma zaidi mapigo machache baadaye.

Turudi kwa wagonjwa wawili. Namba ni za mfano. Wa kwanza ni mama kijana aliyeharisha siku mbili. Ventrikali inajaa mililita 70 tu, inabakiza 30, pigo ni 40. Mapigo yake ni 120, kwa hiyo anapata lita 4.8 kwa dakika, karibu na kawaida. Hapo ndipo watu hudanganyika: mapigo ya haraka yanaficha pigo dogo. Mililita 500 za dripu zikiingia, ventrikali inajaa 95, inabakiza 33, pigo linakuwa 62 na mapigo yanashuka hadi 90. Yuko kwenye sehemu ya mkunjo inayopanda kwa kasi, kila tone lina faida.

Wa pili ni mzee mwenye moyo uliotanuka. Unajaa 220, unabakiza 170, pigo 50. Mpe mililita 500 zilezile: unajaa 230, unabakiza 179, pigo 51. Umempa mililita 1, na presha ya kujaa imepanda kutoka milimita 18 za zebaki hadi 25, maji yanavuja kwenye mapafu. Mzee huyu hafaidiki kwa kujazwa. Presha yake ikiruhusu, punguza upinzani wa ateri, ili abakize kidogo. Dawa ya kukojoza humpunguzia maji ya mapafu bila kumnyang'anya pigo, kwa sababu kurudi nyuma kwenye mkunjo uliolala hakugharimu kitu.

Utajuaje mgonjwa wako yuko wapi? Mlaze nusu kaketi, kichwa juu kama nyuzi 45. Kisha kwa kutumia kitanda chenyewe, bila kumshika miguu, shusha mgongo na inua miguu nyuzi 45. Karibu mililita 300 za damu yake zitarudi kifuani, na ukimrudisha zinatoka, hujampa kitu usichoweza kukichukua. Pima ujazo wa pigo kwa altrasaundi ndani ya dakika moja. Ukipanda kwa asilimia 10 au zaidi, dripu itasaidia, usipopanda, acha. Presha pekee ni kipimo kibovu hapa, maana mishipa ikikaza presha inaweza kupanda bila pigo kuongezeka, na tumbo lililojaa shinikizo huharibu jaribio lote.

Na jihadhari kufikiri mkunjo unajibu kila kitu. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Waliopewa dripu ya haraka ya chumvi walikufa asilimia 10.5 katika saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Hawakuwa wakiharisha kama mama wa mfano wetu. Watoto wa kuharisha waliachwa nje ya utafiti. Kwa mtoto mwenye homa kali kama wale wa FEAST, hata kama pigo linaweza kupanda, hilo halikupi ruhusa ya kummiminia.