Ruhusa ya Kutumia Dodoso Si Ruhusa ya Kulichapa Katika Tasnifu

Wanafunzi wengi wa uzamili huleta rasimu ya tasnifu ikiwa na kiambatisho cha dodoso zima lililonakiliwa kutoka kwenye makala ya jarida, wakiamini kwamba kutaja jina la mwandishi na mwaka kunatosha. Kutaja chanzo kunatimiza wajibu wa kitaaluma, kwa maana msomaji anajua wazo limetoka kwa nani, lakini hakumpi mtu haki ya kunakili kazi ya mwingine. Tasnifu ya siku hizi haikai kwenye rafu ya maktaba tu, kwani chuo huipandisha kwenye hazina yake ya kidijitali, ambako mtu yeyote anaweza kuipakua, na hapo dodoso ulilolinakili linakuwa limechapishwa upya kwa jina lako. Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua yoyote, tenganisha mambo matatu: kulitumia dodoso kwa washiriki wako, kulitafsiri, na kulichapa ndani ya tasnifu. Mwenye haki anaweza kukupa moja akakunyima mengine, na hili ndilo linalowashtua wanafunzi wakati wameshafika mwisho wa safari.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uuguzi nchini Tanzania anayetaka kujua kama uchovu wa kazi unaambatana na sonona miongoni mwa wauguzi wa hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa sonona amechagua PHQ-9, dodoso la maswali tisa ambalo utafiti wa kulithibitisha ulichapishwa mwaka 2001. Dodoso hili lilitayarishwa kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na fomu yake yenyewe inatamka kwamba hakuna ruhusa inayohitajika kulinakili, kulitafsiri, kulionyesha wala kulisambaza. Mwanafunzi wetu hana haja ya kumwandikia mtu. Achukue maswali kutoka kwenye fomu, aliache tamko hilo lionekane chini ya ukurasa katika kiambatisho, na ataje chanzo kama kawaida. Aangalie jambo moja tu: fomu ni huru, lakini majedwali na michoro ya makala iliyoieleza fomu hiyo haikuwa huru kwa sababu hiyo. Akitaka kunakili jedwali la makala, anaingia kwenye hakimiliki ya jarida.

Kwa uchovu wa kazi amechagua kipimo cha Maslach, maarufu kwa kifupi MBI, na hapa mambo yanabadilika kabisa. Kipimo hiki kinauzwa na kampuni ya Mind Garden ya Marekani. Ukinunua leseni unapata haki ya kukitumia kwa idadi ya washiriki uliyoilipia, pamoja na barua inayoeleza unachoweza kukiweka kwenye tasnifu, nayo huruhusu maswali matatu tu ya mfano. Dodoso zima halichapwi, hata kama umelilipia, na hata kama mtahini wako angependa kuliona lote. Tafsiri ya Kiswahili nayo inahitaji makubaliano ya pekee, kwa hiyo mwanafunzi aliyenunua leseni kisha akampa mwalimu wa lugha kazi ya kutafsiri bado hajaruhusiwa kufanya hivyo. Katika kiambatisho cha tasnifu ya namna hii tunaweka barua ya ruhusa, maswali matatu yaliyotajwa humo, na maelezo kwa maneno yako mwenyewe kuhusu nyanja tatu ambazo kipimo kinazigusa na jinsi alama zinavyojumlishwa.

Kama bajeti hairuhusu, ni afadhali kubadilisha kipimo mapema kuliko kutumia nakala iliyookotwa mtandaoni. Kipimo cha Kopenhageni cha uchovu wa kazi, kilichochapishwa mwaka 2005 na chenye maswali 19, hutumika bila malipo, na watafiti wengi wa afya wanakikubali. Uamuzi huu ufanyike wakati wa pendekezo la utafiti, kabla ya kuomba kibali cha maadili, kwa sababu kubadilisha dodoso baada ya kibali kunakulazimu kurudi kwa kamati. Isitoshe, kibali cha kamati kinahusu usalama wa washiriki. Hakigusi hakimiliki, na mwenye dodoso hafungwi nacho.

Kwa michoro, njia ni nyepesi zaidi, ila ina mitego yake. Tuseme mwanafunzi huyohuyo anataka kuonyesha mchoro wa nadharia ya tabia iliyopangwa ya Ajzen, kama ulivyotokea mwaka 1991 katika jarida ambalo sasa linachapishwa na Elsevier. Akifungua ukurasa wa makala hiyo kwenye ScienceDirect ataona kiungo kilichoandikwa `Get rights and content`, kinachompeleka kwenye mfumo wa RightsLink. Humo ataulizwa anataka kutumia nini (achague michoro, wala si makala nzima), idadi yake, kama itatumika katika tasnifu, kwa karatasi au kielektroniki, na kama atatafsiri. Achague karatasi na kielektroniki pamoja, la sivyo leseni haitafika kwenye hazina ya chuo, na aseme kweli kuhusu tafsiri ikiwa maneno ya ndani ya mchoro yatageuzwa Kiswahili. Kwa tasnifu bei mara nyingi huwa sifuri, lakini asiichukulie hivyo kabla ya kuiona. Leseni hutoka na namba pamoja na maneno ya kuandikwa chini ya mchoro. Maneno hayo yanakiliwa kama yalivyo.

Kabla ya yote hayo, asome maelezo yaliyo chini ya mchoro kwenye makala. Yakisema kwamba mchoro wenyewe umechukuliwa kwa ruhusa kutoka kitabu fulani, basi jarida hilo halina haki ya kumpa, na itambidi amfuate mchapishaji wa kwanza. Na makala ikiwa na leseni ya `CC BY`, haombi chochote: anataja chanzo, anataja leseni, na anaeleza alichobadilisha. Ikiwa ni `CC BY-NC-ND`, anaweza kuunakili mchoro ulivyo katika kazi isiyo ya biashara, ila hawezi kusambaza toleo alilolitafsiri.

Wengine hushauri kuchora upya. Ushauri huo ni mzuri pale unapochukua wazo au takwimu na kuzipangilia kwa namna yako, kwa sababu hakimiliki hulinda umbo la kueleza, hailindi wazo lenyewe. Kubadilisha rangi na kunyoosha mishale hakutoshi. Hiyo bado ni nakala, hata ukiandika kwamba umeurekebisha.

Pale ambapo hakuna mfumo wa mtandaoni, andika barua pepe kwa mwenye haki, ambaye mara nyingi ni mchapishaji na si mwandishi. Taja jina kamili la kazi, ukurasa na namba ya mchoro au jina la kipimo, kichwa cha tasnifu yako, chuo, lugha, na ukweli kwamba tasnifu itasomeka wazi mtandaoni. Omba kila moja ya yale mambo matatu kwa jina lake. Asipojibu baada ya kukumbushwa, usihesabu kimya kuwa idhini: eleza kipimo kwa maneno, taja kinakopatikana, na uondoe maandishi yake kwenye kiambatisho.

Hifadhi leseni na barua zote pamoja na rasimu. Ukija kutoa makala ya jarida kutokana na tasnifu hiyo, utaomba upya, kwa kuwa leseni ya tasnifu huishia kwenye tasnifu, na mhariri atakudai ile inayotaja jarida lake.