Kuosha nywele za mgonjwa kitandani: shida iko kisogoni

Swali: Sista, shikamoo. Mama yangu ana miaka 78, alipata kiharusi na hawezi kukaa. Namwosha nywele kitandani kwa kumwekea beseni chini ya kichwa, lakini godoro linalowa, shingo inamuuma, na siku ya pili kichwa kinamwasha. Kisogoni ana magamba ya manjano yenye mafuta na nywele zimeanza kupungua. Nampaka mafuta kila siku, wala hayasaidii. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Beseni lenyewe ndilo linaloharibu mambo, kwa hiyo tuanze nalo. Ukingo wake ni mgumu na umeinuka, na kichwa kikiwekwa juu yake au ndani yake, shingo hupinda kurudi nyuma. Ndani ya mifupa ya shingo inapita mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa mzee, shingo ikikunjwa nyuma kwa dakika kadhaa mishipa hiyo inaweza kubanwa, au hata kuchanika ukuta wake, na kuleta kiharusi. Mama ameshakipata kimoja, kwa hiyo beseni liweke kando. Ikitokea siku moja katikati ya kuosha akasema anaona kizunguzungu, kichefuchefu au maluweluwe, au ulimi ukawa mzito ghafla, nyanyua kichwa kikae usawa na mwili, acha kuosha, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama itapita.

Badala ya beseni tengeneza mfereji. Chukua taulo kubwa, likunje kwa urefu kama mkeka, kisha lipinde liwe na umbo la herufi U. Sehemu iliyofungwa ya U inakaa chini ya shingo, na mdomo wake unaelekea ukingo wa kitanda. Juu yake tandika nailoni nzito yenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Upande mmoja wa nailoni unaingia chini ya mabega hadi katikati ya mgongo, na upande mwingine unaning'inia ndani ya ndoo iliyo sakafuni. Kingo mbili za pembeni zifunike kuta za taulo, nailoni ibonyee katikati ili maji yasipate pa kwenda isipokuwa kwenye ndoo. Ndoo iwe ya lita 10 au zaidi, maana utatumia kama lita 6.

Mama mlaze mshazari, kichwa kikiwa karibu na kona ya kitanda na miguu ikielekea kona ya upande wa pili, ili usihitaji kumvuta mwili mzima. Mkono uliopooza uweke juu ya tumbo lake kabla ya kumsogeza, na usimvute kwa mkono huo. Bega la upande uliopooza huteguka kirahisi. Chini ya mabega weka mto mwembamba, kiasi kwamba ukimtazama kutoka pembeni, sikio na bega viwe karibu mstari mmoja na kidevu kisielekee juu. Kichwa kikiwa chini kidogo tu kuliko mabega, maji yatateremka yenyewe. Kati ya shingo na nailoni ingiza kitambaa kidogo kilichokunjwa, kwa sababu mwanya wa hapo ndio uliokuwa unakulowanishia godoro. Kisha mimina kikombe kimoja cha maji ujaribu. Kama kinaelekea mgongoni, mto wa mabega uko chini mno, ongeza kidogo.

Usimlaze hivi mara tu baada ya kula. Aliyepata kiharusi mara nyingi humeza kwa shida, na chakula kikirudi hukimbilia mapafuni, kwa hiyo acha angalau saa moja ipite. Na kama akilala chali anahema, usimlazimishe hata kwa dakika tano. Mweleze daktari, na kwa sasa tumia njia ya taulo ya moto nitakayoieleza mwishoni.

Vitu vyote viwe karibu kabla hujalowesha nywele, kwa sababu mgonjwa anachoshwa zaidi na kusubiri kuliko kuoshwa. Majagi mawili ya maji ya vuguvugu, nyuzijoto 37 hadi 40, yajaribu kwa kiwiko chako na si kwa kiganja. Viganja vyetu vimezoea moto wa jikoni, na yeye upande mmoja huenda hahisi vizuri, kwa hiyo hatakwambia kuwa yanamchoma. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando kidogo iwekwe mlangoni mwa masikio bila kusukumwa ndani, na kitambaa kilichokunjwa kifunike macho. Kabla ya maji, zichane nywele kuanzia nchani kuja shinani huku umezishika karibu na ngozi, ili mvuto uishie mkononi mwako. Fundo ambalo halifunguki likate tu, usiling'ang'anie.

Sasa shampuu. Usiimimine kichwani moja kwa moja, kwa sababu inabaki mahali ilipodondokea na kusuuza kunakuwa kugumu. Koroga kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, mimina kidogo kidogo, na usugue kwa nyama za vidole, si kucha, ukisogeza ngozi na si nywele. Utosini na pembeni utamaliza upesi. Kisogoni kunahitaji muda: geuza kichwa taratibu kulia, osha nusu ya kisogo, geuza kushoto, osha nusu nyingine. Wengi huishia pale wanapopaona, na sabuni inabaki chini ambako kichwa kimelalia. Hiyo ni sababu mojawapo ya muwasho wa siku ya pili. Suuza hadi maji yanayodondoka kwenye ndoo yawe hayana povu, na ukipitisha vidole kisogoni ngozi isiteleze.

Magamba ya manjano yenye mafuta ni mba wa mafuta, na huwapata sana wagonjwa wa kiharusi na wa Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka. Unahusishwa na fangasi mdogo anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na anayekula mafuta ya ngozi. Mafuta unayompaka kila siku, hasa yale ya mimea, ni chakula chake, ndiyo maana huoni nafuu. Acha kumpaka. Nunua duka la dawa shampuu yenye dawa ya fangasi iitwayo ketokonazo, ya asilimia 2. Kwanza mwambie mfamasia kuhusu vidonda au mzio wowote alionao. Ipake kwenye ngozi iliyolowa, iache dakika 3 hadi 5, kisha suuza vizuri bila kuigusisha macho. Kawaida hutumika mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4, halafu unapunguza hadi mara moja kwa wiki moja au mbili ili mba asirudi. Kama kuoshwa mara mbili kunamchosha, osha mara moja na ukubali kwamba itachukua muda mrefu zaidi. Magamba yaliyoganda usiyabandue. Yalainishe saa moja kabla kwa mafuta ya watoto yasiyo ya mimea, kisha yaoshe yote yatoke. Isipopungua baada ya wiki 4, au ikitoa usaha, au nywele zikikatika kwa mabaka ya duara, hapo panahitaji kuangaliwa na daktari.

Kukausha ndiko kunakoharakishwa, na kwa mgonjwa anayelala siku nzima ndiko kwenye uzito. Ngozi inayolalia unyevu hulainika, na ngozi iliyolainika huchubuka kwa msuguano mdogo tu. Zifunge nywele kwa taulo kavu, kandamiza bila kusugua, badilisha taulo, rudia. Kama una draya, weka moto wa chini, ishike umbali wa kiganja kilichonyooshwa na uiendeshe muda wote, huku mkono wako wa pili ukiwa kati ya hewa na kichwa; ukishindwa kuvumilia wewe, na yeye hawezi. Sakafu na mikono yako iwe mikavu kwanza. Kisha ingiza mgongo wa vidole shinani mwa nywele za kisogo. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji, hata kama nywele za juu zimekauka. Asirudishwe kwenye mto mpaka ubaridi huo uishe, na foronya iwe ya pamba na kavu.

Wakati bado umekigeuza kichwa, fungua nywele za kisogoni uangalie ngozi kwenye mwanga. Upungufu wa nywele unaouona huenda ni wa msuguano wa mto, lakini mahali hapo hapo ndipo kidonda cha kulalia huanzia, kikiwa kimejificha ndani ya nywele. Kwenye ngozi nyeupe ungetafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko jirani yake, yenye joto au ubaridi tofauti, ngumu au inayobonyea kama imeloa, au anayokunja uso ukiigusa. Ukiipata, usiisugue wala usiipake kitu. Kichwa kisilalie hapo kabisa, kigeuzwe upande hadi upande angalau kila baada ya saa mbili, na muuguzi aone siku hiyo hiyo au kesho yake. Watu watakushauri umwekee mto wenye tundu katikati, wa umbo la pete. Usikubali. Pete hubana ngozi kuzunguka tundu na kuzuia damu kufika katikati, yaani pale pale unapotaka kupaokoa.

Ukimsuka, mistari iwe mikubwa na milegevu, ncha zishuke pembeni mwa masikio, na pasiwe na fundo, kibanio wala raba upande anaolalia.

Siku ambazo amechoka, au halali chali, mwache ameinuliwa kwenye mito. Kamua taulo ndogo iliyochovywa kwenye maji ya moto hadi isidondoke, ipoe kiasi cha kuvumilika kwenye mkono wako wa ndani, mfunike nayo kichwani na juu yake weka mfuko wa nailoni. Nailoni ishie juu ya paji la uso, isifike puani wala mdomoni, na usimwache peke yake. Baada ya dakika 5 ondoa, futa ngozi mstari kwa mstari kwa kitambaa kingine chenye maji safi, kisogo pia, kisha kausha kama nilivyoeleza. Hapo usitumie shampuu ya kawaida, kwa kuwa hutaweza kuitoa yote.