Kinena Kilichoma, Kisha Leso Ikalowa

Mimba yangu ya pili ilipofika wiki ya 19, kinena cha kulia kilianza kunichoma. Mara ya kwanza ilikuwa pale Likoni, nikishuka mteremko wa kuingia feri. Nilipiga chafya, nikahisi kama mtu amevuta uzi kutoka ubavuni mwa tumbo hadi chini kabisa. Nikashika reli, watu wakinipita. Kabla sijahesabu hadi ishirini, maumivu yalikuwa yamekwisha.

Nesi wa kliniki hakuniambia tu "ni kawaida". Aliniuliza yanakuja nikifanya nini, yanakaa muda gani, yanarudi kwa mpangilio au la, na kama kuna chochote kinachotoka ukeni. Yangu yalikuja nikijigeuza kitandani, nikikohoa au nikiinuka ghafla. Yalikaa sekunde chache, hayakuwa na mpangilio, na nguo ya ndani ilikuwa kavu. Akanieleza kwamba mji wa mimba umeshikiliwa na kano mbili mfano wa kamba, moja kila upande, zinazoshuka kupitia kinenani. Mji unavyokua, kano nazo zinavutika, na ukifanya mwendo wa ghafla zinakaza kwa mkupuo. Wengi huumia zaidi upande wa kulia, kama mimi.

Akanifundisha kuinama kidogo na kukunja magoti kabla ya chafya kutoka, na nikijigeuza kitandani niyabane magoti, yageuke pamoja na mabega. Nikalala kwa ubavu, mto katikati ya magoti. Kwa kweli yalipungua.

Shida ni kwamba baada ya hapo kila kitu nilikiita kano. Wiki ya 31 niliamka usiku, leso imelowa kiasi cha kiganja. Tumbo lilikuwa zito kwa chini, si la kuchoma tena. Asubuhi nikamwambia shangazi, akanijibu kwa mapenzi tu, "Mwanangu, mtoto amekukalia kibofu, huo ni mkojo." Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Siku nzima nilibadilisha nguo ya ndani, na kila nilipoinuka kitini nilihisi ujoto ukishuka.

Jioni ndipo nilipoinusa ile leso. Haikuwa na harufu ya mkojo hata kidogo. Nikaenda msalani nikamaliza haja ndogo yote, nikavaa pedi safi, nyeupe, nikalala nusu saa. Nilipoinuka, maji yakashuka. Nikajibana kama ninayezuia mkojo, lakini hayakuzuilika. Pedi ililowa maji meupe kama ya bomba. Mkojo ungekuwa na harufu yake na rangi ya manjano. Ute wa kawaida wa mimba nao ni mzito kidogo, haumwagiki ukisimama.

Jaribio hili ni la kukusaidia kukata shauri, halichukui nafasi ya daktari. Pedi ikibaki kavu na bado una shaka, nenda. Na usikae kungoja nusu saa ikiwa maji ni mengi, ni ya kijani au kahawia, yananuka, yana damu, una homa, au mtoto amepunguza kucheza.

Niliifunga pedi kwenye mfuko nikaenda nayo, na nikaandika saa maji yalipoanza. Sikujiosha ndani wala sikukubali mtu anipime kwa vidole nyumbani, maana chupa ikishapasuka mlango uko wazi kwa vijidudu. Hospitali walitazama kwa kifaa, wakaniambia nikohoe, wakayaona maji yakitoka. Nikalazwa. Nilipewa dawa za kuzuia maambukizi, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, na mimi nilikuwa nimepoteza siku nzima nikisema ni kano. Mtoto alizaliwa wiki ya 34, mdogo lakini akilia kwa nguvu.

Kitandani jirani alikuwepo dada aliyetoka damu bila maumivu yoyote, akadhani kwa kuwa haumwi hakuna neno. Kondo lake lilikuwa limekaa chini, kwenye njia ya mtoto. Kwa hiyo damu, iwe na maumivu au isiwe nayo, ipeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na ikija pamoja na tumbo gumu kama ubao lisilolegea, usipite hata kwa jirani kuuliza, kwani huenda kondo linabanduka. Tumbo linalokaza na kulegea kwa mpangilio, tuseme kila dakika kumi, kabla ya wiki ya 37, nalo si kano.

Mimba hii ya tatu, kwa vile naishi ng'ambo ya Likoni, nauli ya tuktuk ya usiku iko ndani ya kijitabu cha kliniki, pamoja na pedi mbili nyeupe. Nimemwonyesha shangazi zilipo.